Kuhama chuo na kozi: namna ya kuandika barua ya maelezo bila kukisema vibaya chuo ulichotoka

Anayehama chuo na kozi kwa mpigo anatakiwa kujibu maswali mawili tofauti: kwa nini kozi hii, na kwa nini chuo hiki. Barua nyingi hujibu moja tu. Anayetaka kubadili kozi anaeleza vizuri mapenzi yake kwa uhasibu, lakini msomaji anabaki akijiuliza: uhasibu si unafundishwa hata huko uliko? Hapo ndipo mwandishi anapobanwa, na akibanwa huanza kukisema chuo alichotoka. Ukiyatenganisha maswali haya tangu mwanzo na kulipatia kila moja jibu lake, huna haja ya kumsema mtu yeyote.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Mwanafunzi amemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya takwimu katika chuo fulani nje ya Kilimanjaro. Anaomba kuhamia Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, shahada ya usimamizi wa ushirika na uhasibu. Kidato cha sita alisoma EGM, akapata C ya Uchumi, C ya Jiografia na D ya Hesabu. Utaratibu ni huohuo ukiwa unahamia Mwenge, Makumira au Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro. Kinachobadilika ni masharti ya kozi.

Kabla ya kushika kalamu

Hakikisha kwanza unaruhusiwa kuingia kwenye kozi mpya. Sababu nzuri haifidii sifa iliyopungua. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) cha mwaka husika, utafute kozi yenyewe, usome masharti yake mstari kwa mstari. Kiwango cha chini kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwanafunzi wetu ana pointi 6 kwenye masomo mawili ya juu, basi kiwango cha chini amekivuka. Lakini kozi nyingi huongeza masharti yake, kama vile somo fulani la lazima au ufaulu wa Hesabu wa kidato cha nne, na hayo ndiyo huangusha watu.

Pili, andaa jedwali la masomo uliyokwisha kufaulu. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za mazoezi na za kujisomea. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Mwanafunzi wetu ana 120 mkononi, lakini asidhani atahama nazo zote. Achukue mihtasari ya masomo ya kozi zote mbili na kuipanga sambamba. Stadi za mawasiliano (krediti 10), misingi ya kompyuta (10), uchumi mdogo (12) na takwimu za msingi (12) zinafanana kwa mada. Jumla ni 44. Krediti 76 zilizobaki ni kalkulasi, aljebra na nadharia ya uwezekano, na hizo hazina pacha upande wa pili.

Kosa la kawaida hapa ni kung'ang'ania. Mtu anaomba kalkulasi ihesabiwe kama hesabu za biashara, mkuu wa idara anafungua mihtasari, anakuta mada mbili tu zinafanana, na kuanzia hapo hata zile krediti 44 za haki anazitilia shaka. Omba zinazolingana peke yake. Kwa krediti 44 kati ya 120, karibu hakika ataanza mwaka wa kwanza, huku akisamehewa masomo yatakayokubaliwa. Aseme mwenyewe kwenye barua kwamba yuko tayari kwa hilo. Mwombaji anayejua gharama ya anachokiomba husomwa kwa utulivu zaidi.

Kwa nini kukisema chuo cha zamani kunaharibu

Adabu ni sababu moja, lakini ziko nyingine za utendaji. Matokeo yako, uthibitisho kwamba hukufukuzwa, na barua ya kukuruhusu kuondoka vinatoka ofisi ya msajili wa chuo kilekile. Watahini wa nje huenda kusahihisha katika vyuo vya wenzao, kwa hiyo anayekusoma Moshi huenda alikaa na walimu wako muhula uliopita. Zaidi ya hayo, lawama haithibitishiki. Ukiandika kwamba wahadhiri hawaingii darasani, msomaji hana namna ya kulipima hilo, na anachojifunza ni kwamba siku ukiondoka kwake naye atasemwa.

Lipo pia jambo la ukweli. Wengi huandika "nilipangiwa kozi ya takwimu", kana kwamba walibebwa usingizini. Kamati ya udahili inajua kwamba mwombaji huchagua kozi mwenyewe, na akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja huthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa. Andika "nilichagua". Ukikubali kwamba ule uamuzi ulikuwa wako, utaaminika unaposema kwamba huu nao ni wako.

Kuipata sababu inayosimama yenyewe

Chukua karatasi, andika sababu zako zote bila kujizuia, hata zile chungu. Kisha mbele ya kila moja uliza: je, sentensi hii ingebaki kuwa kweli kama chuo cha zamani kingekuwa kizuri kuliko vyote nchini? Zinazobaki ndizo za barua. Zinazoanguka zibaki kwenye karatasi yako.

Tuipime ya mwanafunzi wetu. "Chuo hakina kompyuta za kutosha" inaanguka. "Nimechoka na hesabu za nadharia" inaanguka, tena inamchafua mwenyewe. "Kwenye fildi nilifanya kazi katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, na kazi niliyoikuta pale inahitaji uhasibu ambao sijausoma" inasimama. Haitegemei ubaya wa mahali popote.

Lakini bado ni ya jumla. Isogeze mpaka ionekane kwa macho. Alifanya nini hasa pale chamani? Alikaa wiki 8 akiingiza kwenye kompyuta stakabadhi za mapokezi ya kahawa ya maganda: jina la mkulima, namba ya uanachama, kilo, tarehe. Stakabadhi 640 za wakulima 214. Kujumlisha kilo za kila mkulima hakukumshinda, kwa sababu takwimu zilimfundisha kupanga data na kutambua namba iliyoingizwa mara mbili. Ilipofika hatua ya malipo ya awali, kila mkulima alikatwa mkopo wa pembejeo, na makato hayo yakatakiwa kuingia kwenye leja na kufungwa mwisho wa mwezi. Hapo alimwachia mhasibu, akabaki kutazama.

Angalia kilichotokea katika maelezo hayo. Kozi ya zamani imetajwa kwa wema, kwa sababu imemsaidia. Pengo limeonekana bila kumlaumu aliyeliacha, kwani shahada ya takwimu haikuahidi kumfundisha kufunga leja. Na kozi mpya imehitajika na kazi yenyewe, hata kabla mwombaji hajaisifu. Chama nacho hakikutajwa jina wala kasoro; ukikilinda chuo halafu ukakianika chama kilichokupokea, hujafanya lolote.

Sasa swali la pili: kwa nini Moshi? Kusema kwamba chuo kina historia tangu 1963 na kwamba kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014 ni kweli, ila hayo wanayajua kuliko wewe, na hayaelezi kwa nini wewe uende. Jibu lililoshiba ni kwamba kozi anayoitaka inaunganisha uhasibu na usimamizi wa ushirika katika shahada moja, wakati uhasibu wa kawaida wa kampuni haumfundishi mtu Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, hisa za wanachama, wala malipo ya awali na ya pili. Tena vyama vya kahawa viko jirani, na mnada wa kahawa uko mjini hapohapo, jambo linalorahisisha fildi na utafiti wa mwisho. Ukilijibu hivi, lile swali la "uhasibu si upo hata huko" linakuwa limeshajibiwa kabla ya kuulizwa.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha. Anwani yako juu kulia pamoja na tarehe, anwani ya chuo kushoto, kisha kichwa cha YAH. Kama chuo kinataka barua kwa Kiingereza, bado iandike kwanza kwa Kiswahili. Sababu inayolegea kwa lugha yako itajificha kwa ya kigeni, na itafichuka kwenye usaili. Mwili wa barua wa mwanafunzi wetu ungekaa hivi:

> Msajili,
> Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi,
> MOSHI.
>
> YAH: MAOMBI YA KUHAMIA SHAHADA YA USIMAMIZI WA USHIRIKA NA UHASIBU
>
> Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi niliyemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya takwimu, na nimefaulu masomo yote ya mwaka huo kwa GPA ya 3.4. Naomba kuhamia kozi tajwa kuanzia mwaka wa masomo ujao.
>
> Nilichagua takwimu kwa sababu nilipenda kazi ya kupanga na kuchambua data, na mwaka huu umenipa msingi huo. Katika fildi ya wiki 8 kwenye chama cha msingi cha wakulima wa kahawa niliingiza na kuhakiki stakabadhi 640 za mapokezi. Nilipofika kwenye makato ya mikopo ya pembejeo na kufunga leja, niliona kwamba kazi ninayotaka kuifanya ni uhasibu wa vyama vya ushirika, na kwamba inanipasa kuisomea.
>
> Nimeomba chuo chako kwa kuwa kozi hii inafundisha uhasibu pamoja na usimamizi na sheria ya ushirika, na kwa kuwa vyama ninavyokusudia kuvitumikia viko katika mkoa huu.
>
> Naambatisha jedwali la masomo manne yenye jumla ya krediti 44 ninayoomba yafikiriwe, pamoja na mihtasari yake. Ninaelewa kwamba huenda nikaanza mwaka wa kwanza, na niko tayari. Mkuu wa idara yangu ya sasa ana taarifa ya maombi haya.

Baada ya hapo ni "Wako mtiifu", sahihi, jina, namba ya usajili, namba ya mtihani wa kidato cha sita na simu. Chuo cha zamani kitajulikana kwenye viambatisho. Ndani ya barua hakina sababu ya kurudiwarudiwa.

Sentensi ya mwisho kuhusu mkuu wa idara iandike kama ni kweli tu. Ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inamwambia msomaji kwamba huondoki kwa kunyatia.

Kama una sapu au somo ulilobeba, litaje mwenyewe katika aya ya kwanza kwa jina na matokeo: "Nilirudia mtihani wa kalkulasi mwezi wa tisa na kufaulu kwa C." Usiongeze kwamba mwalimu alikuwa mgumu. Litaonekana kwenye matokeo hata hivyo, na litakuwa dogo likisemwa na wewe kwanza.

Maneno madogo yanayochoma

Mtu anaweza kuepuka lawama za wazi na bado akakisema chuo kwa maneno mafupi. Pitia barua yako ukiyatafuta haya: "hatimaye", "angalau", "afadhali", "tofauti na", "makini", "halisi". "Natafuta chuo makini" maana yake nilichopo si makini. "Nipate elimu halisi" maana yake niliyopata ilikuwa ya bandia. "Hapa angalau kuna vitendo" haihitaji ufafanuzi. Futa neno, kisha soma sentensi upya. Mara nyingi inabaki nzima bila hilo.

"Kwa bahati mbaya" nalo lina hatari. "Kwa bahati mbaya kozi ile haina uhasibu" inalalamika. "Uhasibu si sehemu ya kozi ile" inaarifu. Habari ni ileile.

Na sifa zilizopitiliza kwa chuo kipya ni upande wa pili wa lawama. Ukiandika kwamba ni chuo bora kuliko vyote, umewapanga wengine chini yake bila ushahidi, na anayesoma anajua unaomba nafasi.

Kama kweli kulikuwa na tatizo

Kuna wanaohama kwa sababu nzito. Matokeo yamechelewa, kozi imesitishwa, au kuna jambo baya mwanafunzi alifanyiwa. Hatusemi lifichwe. Kinachoathiri maombi, kama matokeo yaliyochelewa, kiandike kwa tarehe na kiambatisho bila kivumishi: "Matokeo ya muhula wa pili hayajatoka hadi tarehe ya barua hii, naambatisha barua ya msajili." Unyanyasaji, rushwa au madai ya haki yako yana njia yake, yaani dawati la jinsia, serikali ya wanafunzi, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, TCU au vyombo vya sheria, na yapelekwe huko kwa ukamilifu wake. Barua ya kuhama haina uwezo wa kukupatia haki hiyo. Ukiiminya humo kwa sentensi mbili, malalamiko yanapungua uzito na maombi yanapata doa.

Barua mbili, sababu moja

Hapa ndipo wengi huangukia bila kujua. Unaandika barua mbili: ya kuomba ruhusa ya kuondoka kwa chuo cha sasa, na ya kuomba kupokelewa. Zote huenda zikakutana kwenye faili moja. Kama kwenye ya kwanza umesema unaondoka ili uwe karibu na mama mgonjwa, na kwenye ya pili umesema ni mapenzi ya uhasibu, msomaji ataona mtu anayetunga. Ikiwa sababu zote mbili ni za kweli, ziandike zote katika barua zote, kwa mpangilio uleule.

Ya kuondoka iwe fupi na iwe na shukrani iliyo mahususi. "Nashukuru kwa yote" haina mwili. "Nashukuru idara kwa somo la takwimu za msingi, nililolitumia moja kwa moja kwenye fildi" inamkaa mtu, na mwalimu wa somo hilo ndiye utakayemwomba akudhamini.

Ukiitwa kwenye usaili

Si kila chuo huita, ila mkuu wa idara anaweza kukutaka ofisini au kwa simu. Ingia, amkia, "Shikamooni," ngoja ukaribishwe kukaa. Swali la mtego huja kwa sauti ya kirafiki:

"Tuambie ukweli, huko kuna shida gani?"

"Dokta, mimi nilisoma vizuri na nikafaulu. Kilichonihamisha ni kazi niliyoiona kwenye fildi."

"Kwa hiyo wenzetu hawafundishi uhasibu?"

"Kozi yangu ilikuwa takwimu, Dokta, na ilifundishwa kama takwimu. Uhasibu wa ushirika ndio nimeufuata hapa."

Jibu sentensi mbili, kisha nyamaza. Ukimya unaofuata ni mzito, na wengi huujaza kwa kuanza kusema yale waliyoyafuta kwenye barua. Uache. Swali jingine ambalo halikwepeki ni kama hutahama tena mwakani. Kuapa hakusaidii. Taja masomo ya mwaka wa pili na wa tatu ya kozi mpya ambayo umeyasoma kwenye mwongozo wa chuo, likiwemo lile unaloliogopa. Anayejua kinachomngoja mwaka wa tatu ameonyesha kwamba hakurukia.

Mkopo

Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), usidhani utakufuata wenyewe. Nenda dawati la mikopo la chuo unachotoka kabla hujarudisha kitambulisho, uliza taarifa gani zinahamishwa, halafu uripoti dawati la chuo kipya ukiwa na nakala ya barua ya kukubaliwa. Ada ya kozi mpya ikiwa tofauti, na miaka ya masomo ikiongezeka kwa kuanza upya, uliza kwa maandishi kama mwaka wa ziada utalipiwa. Bumu likichelewa wiki za mwanzo, mara nyingi ni kwa sababu jina bado linasoma chuo cha zamani. Hata kwenye barua hiyo ya ufuatiliaji andika hivyo tu: jina bado linasoma kwenye orodha ya awali, naomba lihamishwe. Ofisa wa kule ndiye atakayebonyeza kitufe.